Klipu za sikio na hedifoni za mfupa: zipime mwenyewe kabla ya kutoa hela

Ninauza vifaa vya sauti, na siku hizi wateja wengi wanataka kusikiliza simu au muziki huku masikio yakibaki wazi. Hapo hubaki na vitu viwili mkononi: klipu inayobana ukingo wa sikio, au hedifoni ya mfupa inayokaa mbele ya sikio na kuzunguka kisogoni. Nitakueleza namna ninavyowapimisha. Unahitaji simu, chumba kimya, mtu wa kukusaidia na saa mbili hivi, kwa sababu jambo la kutosumbua sikio halijulikani kwa dakika tano.

Klipu, mfano Huawei FreeClip, ni spika ndogo ya kawaida. Sauti yake inapita hewani hadi kwenye tundu la sikio, ila tundu halizibwi. Hedifoni ya mfupa, mfano Shokz OpenRun, ina pedi mbili zinazotetemeka. Mtetemo huo unapita kwenye ngozi na mfupa hadi sikio la ndani, bila kuhitaji kupita kwenye tundu. Tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa karibu kila kitu utakachokiona hapa chini.

Hatua ya 1: Hakikisha ya mfupa ni ya mfupa kweli

Sokoni kuna hedifoni nyingi za bei ya chini zilizoandikwa kwenye boksi kuwa ni za mfupa, kumbe ndani kuna spika ndogo za kawaida zinazopuliza sauti kuelekea sikioni. Vaa, cheza maneno ya mtu anayezungumza, kisha ziba matundu yote mawili kwa ncha za vidole. Ikiwa sauti inafifia mara moja, hiyo inapitisha sauti hewani. Ikiwa inabaki, na tena inakuwa nene zaidi, ni ya mfupa. Unene huo unatokea kwa sababu mtetemo wa sauti nzito unaoingia kwenye kuta za tundu la sikio hukosa pa kutokea unapoliziba, ukarudi kwenye ngoma ya sikio. Kumbuka hilo, tutalihitaji kwenye besi.

Hatua ya 2: Zikalishe mahali pake

Usilinganishe chochote kabla ya hatua hii. Pedi ya mfupa ikae mbele ya kile kigegedu kidogo kilicho mlangoni mwa tundu la sikio, juu ya mfupa wa shavu, igusane na ngozi kwa uso wake wote. Nywele, ukingo wa mtandio au mkono wa miwani ukiingia katikati, sauti inapungua na mlio unakuwa mkavu. Vaa hedifoni kwanza, miwani baadaye.

Klipu ina uhuru zaidi, na hapo ndipo watu wanapoikosea. Ishike kwenye ukingo wa sikio kuanzia katikati kwenda chini, si juu ambako gegedu ni gumu. Kisha cheza wimbo wenye besi kwa sauti ya wastani na uisogeze polepole, milimita moja moja, juu, chini, halafu izungushe kidogo kuelekea tunduni. Kuna mahali utasikia besi imeingia ghafla. Acha hapo. Mteja akiniambia klipu fulani haina besi kabisa, mara nyingi nikiisogeza tu kidogo analalamika kuwa sikuanza na hilo.

Hatua ya 3: Vaa saa nzima

Hapa vifaa viwili vinachosha kwa njia tofauti. FreeClip moja ina gramu 5.6, kwa hiyo uzito wenyewe hausumbui. Kinachosumbua ni ubanaji wa sehemu ndogo ya gegedu. Dalili huanza baada ya nusu saa: sikio linapata joto, kisha linauma ukiligusa. Ukivua, tazama kioo. Alama nyekundu inayopotea baada ya dakika chache haina shida. Ikibaki muda mrefu, au ukingo wa sikio ukafa ganzi, sogeza klipu chini kidogo siku ya pili. Ikirudia, upinde wa klipu hiyo haukufai, na hakuna namna ya kuulegeza bila kuuharibu.

OpenRun ina gramu 26, na uzito wote unagawanyika juu ya masikio na mashavuni. Ubanaji wake wengi huuzoea. Tatizo lake liko nyuma: utepe unaopita kisogoni unagonga kola ya shati, kiti cha basi, mto, na helmeti ya bodaboda. Anayependa kusikiliza akiwa amelala chali asipoteze muda, achukue klipu. Kwa wavaaji wa hijabu mambo hugeuka: mtandio uliobana unaisukuma klipu na kuizungusha kutoka pale ulipoikalisha, wakati hedifoni ya mfupa ikitangulia chini ya mtandio hukaa imara.

Hatua ya 4: Sauti kuvuja

Hapa ndipo mambo mengi yanayosemwa hayako sawa. Watu huamini kwamba sauti inayopita mfupani haivuji. Inavuja. Pedi na ganda lake vinatetemeka, na kitu kinachotetemeka kinasukuma hewa inayokizunguka. Wengine huipima kwa kuishika mkononi, usifanye hivyo. Nje ya kichwa pedi haina ngozi ya kuupokea mtetemo wake na inapiga kelele isiyo ya kawaida. Pima ikiwa imevaliwa, kila mara.

Klipu nazo zinavuja, ila zilizo nzuri zina ujanja. Spika inapoisukuma hewa mbele, inaivuta nyuma. Mtengenezaji anaweka matundu madogo nyuma ya ganda yanayotoa wimbi lililo kinyume. Karibu na tundu la sikio wimbi la mbele linashinda kwa kuwa liko jirani. Mbali kidogo mawili yanakutana na kufutana. Kufutana huko hufanya kazi vizuri kwa sauti nzito na za kati, na hupungua kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Ndiyo maana kinachomfikia jirani ni herufi za mluzi, "s" na "sh", na matoazi ya ngoma.

Sasa pima hivi. Mwenzako akae mita moja pembeni yako katika chumba kimya. Cheza habari za redio. Usiangalie namba ya sauti kwenye simu, kwani asilimia 60 ya klipu si sawa na asilimia 60 ya hedifoni ya mfupa. Badala yake mwambie mwenzako azungumze kwa sauti ya kawaida, kisha punguza au ongeza mpaka sauti ya redio masikioni mwako ilingane na yake. Fanya hivyo kwa kila kifaa. Halafu mwulize maswali mawili tofauti: je, unasikia kitu? Na je, unashika maneno? Kusikia mchakacho fulani ofisini hakumsumbui mtu sana. Kushika maneno ya simu yako ya benki ni jambo lingine. Mwishowe msogeze hadi nusu mita, kama jirani wa kwenye daladala, na rudia.

Katika mpimo wangu wa kawaida, klipu yenye matundu ya nyuma huvujisha kidogo kuliko ya mfupa kwa maneno ya mtu. Klipu za bei ya chini zisizo na matundu hayo ndizo mbaya kuliko zote.

Hatua ya 5: Besi

Pakua programu yoyote ya kutoa mlio wa masafa unayoyachagua. Anza na sauti ya chini kabisa. Cheza 200 Hz, kisha 150, 100, 80, 60 na 40, ukisikiliza kila mlio kwa sekunde chache.

Kwenye klipu mlio utafifia taratibu. Sauti nzito zinahitaji hewa iliyofungiwa ili zisikike, na tundu lililo wazi linaiachia. Kufikia 60 Hz klipu nyingi zimebakiwa na kivuli tu. Kwenye hedifoni ya mfupa kinatokea kitu kingine: kuanzia kama 100 Hz kushuka, pedi inaanza kukutekenya shavuni. Unahisi besi kwenye ngozi kuliko unavyoisikia. Ukiongeza sauti, mtekenyo ndio unaokua. Shokz wenyewe katika OpenRun Pro 2 ya mwaka 2024 waliongeza spika ya kupitisha sauti hewani kwa ajili ya sauti nzito, na mfupa wakauachia za kati na za juu. Hiyo inakuonyesha mfupa unafika wapi.

Usikate tamaa kwa milio mitupu, lakini. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne unalia 41 Hz, na hakuna kati ya hivi viwili kinachoutoa vizuri. Hata hivyo uzi huo hutoa pia 82 na 123 Hz, na ubongo ukizisikia hizo unajaza wenyewe ile ya chini. Kwa hiyo rumba inasikika na besi yake kwenye klipu iliyokaa vizuri. Muziki wa besi ya kompyuta, unaotegemea mlio mtupu wa chini, ndio unaopotea.

Marekebisho kwenye ikwalaiza, yaani sehemu ya simu ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba, ni kinyume kwa kila kimoja. Kwa klipu, pandisha eneo la 80 hadi 150 Hz kwa desibeli 3 au 4, usizidi, maana spika itaanza kukwaruza. Kwa ya mfupa, shusha kila kilicho chini ya 100 Hz mpaka mtekenyo uishe. Sauti za watu zitasafika papo hapo. Ukiwa nyumbani na hiyo ya mfupa na hutaki kusikia mazingira, ziba masikio kwa vizibo vya povu: besi itaongezeka, kwa sababu ile ile ya vidole katika hatua ya kwanza.

Barabarani ngurumo za injini zinafunika besi ya vifaa vyote viwili. Usiifukuze kwa kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sikio la ndani linaloumia ni lile lile hata sauti ikipitia mfupani.

Mfano mmoja

Dada mmoja anayepokea simu ofisini alikuja akitaka ya mfupa, akiwa na hijabu na miwani. Kazi yake ni simu kutwa, na wenzake wanakaa karibu. Kwenye kuvaa, ya mfupa ilishinda. Klipu ilizungushwa na mtandio ndani ya dakika chache. Kwenye kuvuja ya mfupa ikashindwa: rafiki aliyekuja naye alishika maneno akiwa nusu mita. Tulijaribu klipu tena, safari hii akaishusha karibu na ndewe na kuulegeza mtandio upande huo. Ikatulia saa nzima, na rafiki akabaki anasikia "s" tu. Alichukua klipu, ikwalaiza haikuguswa kwa kuwa simu hazihitaji besi, na akatumia sikio moja moja kwa zamu, asubuhi la kulia na mchana la kushoto, ili ukingo wa sikio upumzike.