Jinsi ya kuangalia matokeo ya mtihani wa taifa bila kunasa kwenye saiti feki za "lipia uone"

Matokeo yakikaribia kutoka, linki za saiti feki ndo hutangulia kufika kwenye magrupu ya wasap, na sababu yake ni rahisi tu, mwenye saiti feki hahitaji matokeo yoyote, anahitaji ukurasa wenye nembo ya baraza la mitihani, kisanduku cha kuandika namba ya mtahiniwa na sehemu ya kulipia. Kwahiyo yeye anaweza kuwa tayari hata mwezi mzima kabla baraza halijamaliza kusahihisha. Hapa nitaenda hatua kwa hatua jinsi ya kumjua, na muda mwingi nitakaa kwenye anwani ya tovuti maana hapo ndo watu wengi wanakopigwa.

Hatua ya kwanza fanya mapema, usisubiri siku yenyewe. Tafuta anwani rasmi ya baraza lenu kutoka kwenye karatasi au kwa mtu, sio kwenye linki uliyotumiwa. Angalia fomu ya usajili wa mtihani au tangazo la baraza, vikikosekana muulize mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, yeye ndo anashughulika na baraza mwaka mzima. Ukishaipata iandike mwenyewe kwa mkono kwenye brauza, ikifunguka ihifadhi kwenye simu, basi siku ya matokeo unabonyeza hiyo hiyo uliyohifadhi. Kutafuta Google siku yenyewe nakushauri uache, kwasababu juu kabisa yanakaa matangazo ya kulipiwa na mtu mwenye haraka hasomi kale kaandishi kadogo kanakosema hili ni tangazo, anabonyeza cha kwanza tu anachokiona.

Sasa tuje kwenye kusoma anwani. Watu wanaisoma kutoka kushoto, wakiona jina la baraza wanaridhika, na tapeli anajua hilo ndo maana jina la baraza analiweka kushoto. Wewe fanya kinyume. Tafuta mkwaju wa kwanza / unaokuja baada ya https://, simama hapo, alafu rudi nyuma kuelekea kushoto. Vipande viwili au vitatu vya mwisho kabla ya huo mkwaju ndo mwenye nyumba, vyote vilivyoko kushoto kwake ni vyumba tu na mwenye nyumba anaweza kuviita jina lolote analotaka. Angalia hizi mbili (ya pili nimeitunga mwenyewe na mwisho wake nimeuweka .example ili usije ukaibonyeza ukafika kwa watu):

```
https://matokeo.necta.go.tz/
https://necta.go.tz.matokeo-leo.example/csee/
```

Ya kwanza, ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju unakuta tz, go, necta. Hapo mwenye nyumba ni necta.go.tz, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, na neno matokeo ni chumba chao. Ya pili inaanza vizuri kabisa na necta.go.tz, ila ukirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju unakutana na example na matokeo-leo. Mwenye nyumba ni huyo matokeo-leo, NECTA hapo ni jina lililobandikwa mlangoni. Kuna na wale wanaobadilisha nukta kuwa kistari, necta-go-tz alafu mbele yake .com, au wanaongeza herufi moja katikati ambayo jicho linairuka. Dawa ni ile ile, linganisha herufi kwa herufi na ile uliyoiandika kutoka kwenye karatasi. Kwenye simu brauza nyingi zinaonesha kipande tu cha anwani, kwahiyo gusa ule mstari wa juu ili ionekane yote, usogeze hadi uone mkwaju ulipo.

Hapa watu wengi hukaririshwa kwamba "kama haina mwisho wa serikali ni feki". Sio kweli kila mahali. Tanzania ni .go.tz sawa, ila baraza la Kenya linatumia knec.ac.ke, mwisho wa vyuo na taasisi za elimu, na kule Afrika Magharibi WAEC matokeo yao yako waecdirect.org, na wa Ghana walikuwa wakiingia ghana.waecdirect.org ambayo ukiisoma kwa kurudi nyuma unaona mwenye nyumba ni yule yule waecdirect.org. Mwisho kama .go.tz una faida kwamba hautolewi kwa mtu yeyote tu, unatolewa kwa taasisi za serikali, wakati .com, .org au .xyz anasajili yeyote mwenye hela kidogo na dakika chache. Kwahiyo .org peke yake haimtii mtu hatiani wala haimsafishi, lazima uwe na anwani sahihi ya baraza lenu ya kulinganisha nayo.

Na ile kufuli ndogo pembeni ya anwani naomba uisahau kwenye hili jambo. Kufuli inamaanisha tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani na mtu wa kati, haisemi anayekipokea ni nani. Cheti chake kinapatikana bure, saiti feki nyingi zinayo.

Ukibaki na mashaka kuna jaribio moja nalipenda sana kwasababu halihitaji utaalamu. Andika namba ya mtahiniwa ya uongo. Sio inayokaribia ukweli, andika upuuzi kabisa, herufi zisizohusika, tarakimu nyingi kupita kiasi, na kama wanataka jina weka jina la kubuni. Mfumo wa kweli unatafuta kwenye orodha, haukuti kitu, unakwambia namba haipo au umekosea. Saiti feki haina orodha ya kutafutia, kwahiyo itakuwekea kile kimstari kinachojaa taratibu, "tunatafuta matokeo yako", asilimia 40, asilimia 80, alafu kwa furaha kabisa inakuambia matokeo yamepatikana, lipia ada ya huduma uyaone. Matokeo ya mtu asiyekuwepo! Wengine wanaweka kabisa karatasi ya alama iliyotiwa ukungu ili uone kuna kitu nyuma, ni picha tu hiyo, jaza namba nyingine ya uongo utaona ukungu ule ule. Ila jaribio hili lina mpaka wake, linamkamata mjinga. Mjanja anaweza kuweka sharti la idadi ya tarakimu ili namba ya ajabu ikataliwe, kwahiyo kukataliwa namba ya uongo sio uthibitisho kwamba saiti ni ya kweli. Kukubaliwa ndo uthibitisho kwamba ni feki.

Alafu jiulize wanakuomba nini. NECTA kwa mfano kidato cha nne wanaweka orodha, unachagua shule unafungua unaona watahiniwa wa hiyo shule kwa namba zao, hakuna pa kujaza namba ya simu wala pa kulipia. Ukurasa wenye nembo yao unaokutaka namba ya simu na malipo umeshajichongea wenyewe. Kwa wengine inabidi ujaze namba ya mtihani na mwaka, hiyo kawaida. Namba ya siri ya pesa za simu, neno la siri la barua pepe, namba ya kadi ya benki, hivyo havihusiani kabisa na kutafuta alama za mtihani.

Kwenye hela nako msikariri. Yapo mabaraza yanatoza kihalali, WAEC unanunua PIN ya kuangalia matokeo na unaijaza kwenye tovuti yao pamoja na namba yako ya mtihani. Kinachotofautisha ni mambo mawili. Kwanza ada halali imetangazwa na baraza lenyewe kabla, unaijua hata kabla hujafungua tovuti, haikurukii ghafla baada ya kuambiwa matokeo yamepatikana. Pili angalia hela inaenda kwa nani. Ukituma kwa simu, kabla ya kuthibitisha mara nyingi unaoneshwa jina la mpokeaji, ukiona jina la mtu binafsi hapo hapo ghairi, baraza la mitihani halipokei ada kwenye laini ya mtu. Na ukishalipa mara moja alafu ukaambiwa kuna ada nyingine "ya kuthibitisha" au "ya seva", ujue hakuna mwisho, watakukamua hadi ukate tamaa mwenyewe.

Kuna kundi la katikati nalo nilitaje kidogo, yale mablogu yanayoandika "matokeo yametoka bonyeza hapa". Mengi sio matapeli, yanatafuta wasomaji wa matangazo na mwisho yanakupeleka kwenye tovuti ya baraza. Kero ni kwamba njiani unakutana na vitufe vya uongo vya kupakua na kile kidirisha cha "Ruhusu" arifa, ukikiruhusu simu inaanza kumiminiwa matangazo. Hukosi kitu ukiyapita.

Jambo moja linalowasukuma watu kwa matapeli ni kwamba tovuti ya kweli siku hiyo inaelemewa, inazunguka weee mwisho inagoma, wakati ile feki inafunguka fasta kwasababu haina kitu ndani. Tovuti kugoma saa ya kwanza sio dalili mbaya. Subiri usiku au asubuhi mapema, au uliza shuleni, alama hazibadiliki kwa kuchelewa kuziona.

Kama umeshalipa, usianze kubishana na mwenye saiti. Piga kwanza huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu au benki, kwa namba iliyoko kwenye menyu yako au nyuma ya kadi, waambie muamala ni wa utapeli uombe uzuiwe. Hapa dakika zina maana, hela ikishatolewa kwa wakala hawana cha kuzuia. Usifute meseji ya muamala, piga skrinshoti ya ukurasa ikionesha anwani yote, hizo ndo utapeleka polisi na kwa baraza. Kama uliandika namba au neno la siri badilisha sasa hivi, na kama lile neno la siri unalitumia pia kwenye mfumo wa maombi ya chuo anza kulibadilisha huko, maana mtu akiingia kule anaweza kukubadilishia machaguo. Angalia pia kama salio la laini linakatwa kidogo kidogo kila siku, baadhi ya hizi kurasa zinakuunganisha na huduma ya meseji za kulipia, mwambie mtoa huduma aiondoe. Na siku chache baadae akikupigia mtu anasema anashughulikia kurudisha hela zako ila utangulize ada kidogo, kata simu, namba yako wameipata pale pale ulipoijaza.