Mkataba na kiwanda kinachokutengenezea losheni kwa jina lako

Tuchukue losheni ya mwani na mafuta ya mchaichai, chupa za mililita 200. Mwenye jina yuko Unguja, kiwanda kiko nje ya visiwa.

Hatua ya 1: Fomula ni ya nani

Kiwanda kikichukua losheni yake ya siku zote kikatia mwani na harufu uliyotaka, fomula inabaki yake, hata chupa ikiwa na jina lako. Ukitaka iwe yako, liandikwe kabla ya sampuli ya kwanza: ukishalipia gharama za kuitengeneza, fomula na marekebisho yake yote ni mali yako.

Ambatisha na karatasi ya fomula yenyewe: kila kiungo na asilimia yake, jumla ifike 100, malighafi inanunuliwa kwa nani, kipi kinatangulia kutiwa na kwa joto gani. Wengi hupewa orodha ya viungo tu, ile ile ya kwenye lebo. Kwa orodha hiyo kiwanda kingine hakiwezi kukupikia losheni ile ile, na siku ya kuhama unaanza upya.

Hatua ya 2: Ubora unaopimika

Maneno "ubora wa hali ya juu" hayamfungi mtu. Andika vipimo: pH kati ya 5.0 na 5.5, vijidudu visizidi 1,000 kwa gramu, na cheti cha uchambuzi kwa kila toleo. Mwani huweza kuingia na vijidudu vyake, kwa hiyo kihifadhi kisibadilishwe wala kupunguzwa bila saini yako.

Dai pia sampuli ikae nyuzi 40 kwa miezi mitatu bila kujitenga, kwa sababu kontena juani hupata joto kali. Losheni iliyoharibika utaijua: maji yamekaa chini, mafuta yameelea juu, harufu imegeuka. Muda wa kukataa mzigo uhesabiwe tangu ulipokufikia. Ukihesabiwa tangu ulipotoka kiwandani, unaweza kwisha mzigo ungali baharini.

Hatua ya 3: Kiwango cha chini cha oda

Hapa kuna viwango viwili. Kiwanda kinaweza kukubali kujaza chupa 1,000, yaani lita 200, lakini chupa zilizochapwa jina zikauzwa kuanzia idadi ya 5,000. Chupa 4,000 zitakaa stoo zimeshalipiwa, na lebo ikihitaji kurekebishwa ni hasara tupu. Oda ya mwanzo tumia chupa tupu na stika.

Kisha pigia hesabu tarehe ya mwisho. Ukiuza chupa 60 kwa mwezi, 1,000 zinachukua karibu miezi 17. Losheni ya miezi 24 ikipoteza mitatu njiani na bandarini, za mwisho zitauzwa zimebakiwa na miezi minne, na maduka mengi hayatazipokea. Bora uombe 500 kwa bei ya juu kidogo, na mkataba useme mzigo utoke kiwandani ndani ya siku 30 tangu kupikwa.

Usajili wa losheni kwa ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ukamilike kabla ya kulipia oda kamili.