Kupima nguvu ya lenzi mbonyeo kwa kuigusanisha na lenzi mbinuko

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara wanajua kuandika kanuni ya lenzi mbili zilizogusana, lakini hawajawahi kuona inavyofaa kazini. Kazi yake nzuri kuliko zote ni hii. Lenzi mbonyeo hutawanya miali, kwa hiyo haitupi taswira yoyote kwenye karatasi, na urefu wake wa fokasi hauwezi kupimwa moja kwa moja kwa rula. Ukiigusanisha na lenzi mbinuko yenye nguvu kuizidi, jozi hiyo hutoa taswira inayopimika, na nguvu ya lenzi mbonyeo hupatikana kwa kutoa.

Nguvu ya lenzi ni moja gawanya kwa urefu wa fokasi uliopimwa kwa mita, na kizio chake ni dayopta, D. Lenzi mbinuko hupewa alama ya kujumlisha na lenzi mbonyeo alama ya kutoa. Lenzi nyembamba mbili zikigusana, nguvu zake hujumlishwa:

```
P = P1 + P2
```

Sababu yake si ngumu. Lenzi ya kwanza huipa miali kiasi fulani cha kukutana, na kwa kuwa hakuna nafasi kati ya lenzi hizo, miali huifikia lenzi ya pili ikiwa na kiasi kilekile, na lenzi ya pili huongeza au hupunguza kiasi chake juu ya hapo. Ukiziachanisha, miali huendelea kukaribiana njiani kabla ya kuifikia lenzi ya pili, na hesabu hiyo nyepesi huanza kukosea.

Hatua ya kwanza: kupima lenzi mbinuko peke yake. Simama ndani ya chumba chenye kivuli, dirisha likiwa wazi, uelekeze lenzi kwenye mkorosho uliomulikwa na jua nje. Usiielekeze kwenye jua lenyewe hata kidogo. Sogeza karatasi nyeupe nyuma ya lenzi hadi uone mkorosho mdogo uliopinduka, shina likiwa juu na matawi chini. Usihukumu ukali wa taswira kwa majani, kwa sababu upepo huyachezesha. Tazama ukingo wa shina. Tuseme umepata sentimita 20.0 kutoka lenzi hadi karatasi. Hizo ni mita 0.200, na nguvu yake ni:

```
P1 = 1 / 0.200 = +5.00 D
```

Anayegawa kwa 20 badala ya 0.200 hupata 0.05, na kosa hilo hujionyesha lenyewe, kwani lenzi yenye nguvu ya 0.05 D ingehitaji karatasi iliyo mita 20 nyuma yake.

Hatua ya pili: kugusanisha. Chukua lenzi mbonyeo, kwa mfano iliyotoka kwenye miwani ya zamani ya mtu asiyeona mbali, uibane pamoja na lenzi mbinuko kwa utepe pembezoni, vitovu vyake vikilingana. Lenzi mbonyeo iwe upande wa mkorosho, na lenzi mbinuko iwe upande wa karatasi. Sasa taswira itakuwa imesogea mbali zaidi na kuwa kubwa na hafifu kidogo. Tuseme umeipata kwenye sentimita 33.3 kutoka lenzi mbinuko.

```
P  = 1 / 0.333 = +3.00 D
P2 = P - P1 = 3.00 - 5.00 = -2.00 D
f2 = 1 / (-2.00) = -0.50 m
```

Lenzi mbonyeo ina nguvu ya −2.00 D, na urefu wake wa fokasi ni sentimita 50. Kinachojumlishwa ni dayopta, kamwe si urefu wa fokasi. Anayejumlisha 20 na −50 hupata −30, yaani jozi inayotawanya miali, ilhali taswira iko mbele ya macho yake kwenye karatasi.

Nimesisitiza mpangilio wa lenzi kwa sababu lenzi za kweli zina unene, na lenzi ya miwani iliyopinda haikai sawasawa juu ya nyingine. Chukua kwamba kuna pengo la milimita 5. Lenzi mbonyeo ikiwa upande wa mkorosho, na umbali ukipimwa kutoka lenzi mbinuko, taswira itakaa kwenye sentimita 33.1 hivi, na hesabu itakupa −1.98 D. Ukizigeuza, kisha ukapima kutoka lenzi mbonyeo, taswira itakaa karibu na sentimita 32.0, na utapata −1.87 D. Pengo ni lilelile, lakini kosa limezidi mara kadhaa, kwa sababu lenzi mbinuko yenye nguvu kubwa imetangulia na miali imepata nafasi ya kukaribiana sana ndani ya pengo.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi, Newala:* Shikamoo mwalimu. Kwetu uwanja ni mdogo, na mti uko mita 10 tu. Si ni karibu mno?

Marahaba. Kwa lenzi moja, ndiyo, ni karibu. Mti wa mita 10 hupunguza kipimo chako kwa 1/10, yaani 0.10 D, na lenzi ya +5.00 D itaonekana kama +4.90 D. Lakini jozi nayo itapungua kwa kiasi kilekile, kutoka 3.00 hadi 2.90. Ukitoa 4.90 kwenye 2.90 unabaki na −2.00 D kama kawaida. Muhimu ni kutumia mti uleule, ukisimama palepale, katika hatua zote mbili.

*Mwanachama, Masasi:* Nimegusanisha kama ulivyoeleza, lakini karatasi haioneshi taswira popote.

Huenda lenzi yako mbonyeo ina nguvu kuliko mbinuko. Kama ni −6.00 D, jumla na +5.00 D ni −1.00 D, na jozi yote hutawanya miali. Tafuta lenzi ya +10.00 D, jumla itakuwa +4.00 D, na taswira itakaa kwenye sentimita 25.

*Mwalimu mwenzangu, Nachingwea:* Bibi yangu huvaa miwani ya kusomea ya +1.50 D, na maandishi yakiwa madogo huvaa nyingine ya +1.00 D juu yake. Je, naweza kumwambia kwamba anasoma kwa +2.50 D?

Unaweza, ndugu yangu. Lenzi zikiachana kwa umbali d wa mita, kanuni kamili ni hii:

```
P = P1 + P2 - d × P1 × P2
```

Kwa pengo la sentimita 1, kinachopungua ni 0.01 × 1.50 × 1.00, yaani 0.015 D. Miwani hutengenezwa kwa hatua za 0.25 D, kwa hiyo bibi hataiona tofauti hiyo. Lakini lenzi mbili za +10.00 D kwa pengo hilohilo zingepoteza dayopta nzima.

*Mwanafunzi, Lindi mjini:* Ukingo wa shina uko wazi, lakini tawi lililolala limefifia. Nikisogeza karatasi, tawi linakuwa wazi na shina linafifia.

Lenzi yako ya miwani haina nguvu moja pande zote. Imetengenezwa kwa jicho lenye kasoro ya aina hiyo. Ishike mbele ya jicho, utazame ukingo wa mlango kupitia ndani yake, kisha uizungushe taratibu. Ukiona ukingo unainama kadiri unavyoizungusha, ndivyo ilivyo. Kwa lenzi hiyo, pima mara mbili, ukifuata ukingo wima kisha ukingo mlalo bila kuizungusha lenzi, na uandike nguvu mbili. Kama mhimili wake umekaa mshazari, shina na tawi vyote vitafifia pamoja. Izungushe ndani ya utepe hadi kimojawapo kiwe wazi, ndipo uanze kupima.