SOMO: Namna ya kuandika maelekezo ya kazi kwa wanachuo wa ualimu

Mwaka wangu wa kwanza kama mkufunzi niliwapa wanachuo kazi ya mstari mmoja: "Jadili makosa ya wanafunzi katika hisabati." Nikaletewa insha ndefu kuhusu woga wa hesabu, uhaba wa vitabu na wazazi wasiofuatilia. Hakuna aliyenionyesha kosa hata moja. Sikuweza kuwalaumu, maana sikuwaomba. Hapa tutaiandika upya kazi ileile.

Hatua ya 1: Amua unataka kuona nini

Mimi nataka kujua kama mwanachuo anaweza kusoma daftari la mtoto akatambua fikra iliyozaa jibu. Chukua 52 − 27. Mtoto kaandika 35. Mwanachuo wa haraka ataandika "hajui kukopa" na kufunga daftari. Lakini 35 hiyo ina njia mbili. Mtoto wa kwanza hutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3. Wa pili anakopa vizuri, 12 toa 7 ni 5, ila anasahau kuwa makumi yamepungua, kwa hiyo naye anasema 5 toa 2 ni 3.

Jibu ni moja, magonjwa ni mawili, na dawa zake hazifanani. Ukiwapa 53 − 26 wanatengana: wa kwanza ataleta 33, wa pili 37, na jibu sahihi ni 27. Basi nimeshajua kwamba kazi yangu lazima imdai mwanachuo swali la pili. Bila hilo atakisia tu.

Hatua ya 2: Andika kazi kwa vitenzi vinavyoacha kitu kwenye karatasi

"Jadili" na "elewa" havimwambii mtu aandike nini. "Onyesha", "eleza njia", "tunga" vinamwambia. Kazi yangu sasa inasomeka hivi:

> Katika madaftari ya darasa unalofanyia mazoezi ya kufundisha, chagua makosa mawili tofauti ya kutoa kwa kukopa. Kwa kila kosa: (a) onyesha kazi ya mwanafunzi kama alivyoiandika, (b) eleza njia aliyoifuata hadi akafika kwenye jibu hilo, (c) tunga swali la pili la kuthibitisha maelezo yako, mpe mwanafunzi, na uonyeshe alichojibu. Mwisho, andika andalio la somo la dakika 40 linaloshughulikia kosa mojawapo, na ueleze kwa nini umechagua shughuli hizo.

Kisha ongeza sentensi moja ambayo wengi huisahau: "Hutapoteza alama ikiwa swali la pili limekanusha maelezo yako, mradi useme umejifunza nini." Usipoiandika, baadhi yao watapika majibu ya watoto ili yaendane na nadharia yao. Utayagundua kwa usafi wake: kila mtoto anakosea vilevile, hakuna aliyefuta wala kurudia.

Hatua ya 3: Ukomo wa maneno utoke kwenye kazi yenyewe

Usichukue namba kwa mazoea. Andika mwenyewe kipande kimoja uone kinakula maneno mangapi. Nilipojaribu kosa moja nilitumia 370, nikakadiria 400. Makosa mawili ni 800, andalio na sababu zake 500, utangulizi kuhusu darasa 200. Jumla 1,500.

Halafu sema kinachohesabiwa. Majedwali na nukuu ndani ya maandishi vinahesabiwa. Marejeleo na picha za madaftari kwenye viambatisho havihesabiwi. Sema pia kitakachotokea mtu akizidisha. Mimi naruhusu asilimia 10, yaani hadi 1,650, na baada ya hapo naacha kusoma. Ni haki zaidi kuliko kukata alama kwa kukisia, ila lazima iwe imeandikwa kabla.

Hatua ya 4: Vigezo vieleze kinachoonekana

Nagawa alama 100 hivi: uteuzi na uwasilishaji wa makosa 20, uchambuzi 40, andalio la somo 30, lugha na mpangilio 10. Uzito mkubwa uende pale ulipoweka shabaha katika hatua ya 1. Nimewahi kuona karatasi inayosisitiza uchambuzi huku mpangilio na jalada vikibeba alama 30. Wanachuo wakapamba majalada.

Maneno kama "uchambuzi mzuri sana" hayamsaidii mtu. Kwa alama 40 za uchambuzi naandika hivi:

> 32–40: Anaeleza njia ya kufikiri ya mwanafunzi hatua kwa hatua, na swali la pili linaweza kutenganisha njia hiyo na nyingine inayotoa jibu lilelile.
> 20–31: Anaeleza njia inayowezekana, lakini swali la pili lingetoa jibu lilelile kwa njia zote mbili.
> Chini ya 20: Anataja upungufu tu ("hakuwa makini", "hajui kukopa").

Kabla ya kugawa, mpe mwenzako kazi mbili au tatu za miaka iliyopita zinazofanana na hii, kila mmoja asahihishe peke yake kwa vigezo hivyo. Mkitofautiana sana, rekebisha maneno ya kigezo kwanza.

Hatua ya 5: Kanuni za kuwasilisha

Hapa ni ufupi tu: tarehe na saa, faili moja ya PDF, jina la faili liwe namba ya usajili, na adhabu ya kuchelewa kwa mujibu wa kanuni za chuo chako. Ombi la kuongezewa muda lije kabla ya tarehe ya mwisho. Moja lisiachwe: majina ya watoto na ya shule yafichwe, waitwe Mwanafunzi A na B, na ruhusa ya mwalimu mkuu ipatikane kabla ya kupiga picha daftari lolote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mkufunzi. Mwanachuo wangu amepangiwa darasa ambalo bado halijafika kwenye kukopa. Afanye nini?

Jibu: Marahaba. Mruhusu abadili mada, asibadili muundo. Sehemu (a), (b) na (c) zibaki kama zilivyo. Liandike hilo kwenye karatasi yenyewe, pamoja na tarehe ya mwisho ya kukuomba ubadili mada, la sivyo utaulizwa na kila mmoja usiku wa mwisho.

Swali: Nikiwapa mfano wa kazi nzuri, si watainakili?

Jibu: Watainakili kama ni ya mada ileile. Mimi natumia desimali: mtoto anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.7 kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 7. Wanaona kina ninachokitaka, lakini hakuna sentensi ya kuchukua.

Swali: Mwalimu, alama 10 za lugha si ndogo mno kwa mtu atakayesimama mbele ya darasa?

Jibu: Lugha ikivurugika kiasi kwamba sielewi njia ya mtoto, huyo ameshapoteza kwenye zile 40. Nikimkata tena kwenye lugha nitakuwa nimemwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Kama chuo chako kina somo la stadi za mawasiliano, lipimwe huko.

Swali: Muda gani unatosha kati ya kugawa na kukusanya?

Jibu: Hesabu siku za darasani, si za kalenda. Anahitaji kukusanya madaftari, kurudi na swali la pili, ndipo aandike. Mimi nagawa wiki moja kabla hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na nakusanya wiki mbili baada ya kurudi. Ukigawa wakiwa wamesharudi, sehemu (c) itatungwa mezani.