Kupasha Kiporo cha Maharage kwenye Maikrowevu Hadi Katikati

Maharage ya nazi yaliyolala kwenye friji yanaweza kutokota pembeni mwa bakuli huku katikati yakiwa bado ya baridi. Nilipopasha nusu kilo kwa dakika 2 kwa nguvu zote, kipimajoto kilisoma nyuzi 86 za Selsiasi ukingoni na 31 katikati. Hii ni kwa sababu mawimbi hupenya chakula kwa sentimita chache tu, na yanapogonga kuta za maikrowevu na kurudi, hukutana yakawa makali mahali pamoja na dhaifu pengine. Sahani ya kioo inayozunguka hupunguza tatizo hilo, lakini kilicho kwenye kitovu chake huzunguka papo hapo bila kuhama.

Hatua ya kwanza ni kutandaza maharage katika bakuli pana la kioo, kina chake kisizidi sentimita 3, na kuyasukuma pembeni ili katikati pabaki shimo. Ongeza vijiko viwili vya maji, kisha funika ukiacha upenyo wa mvuke.

Hatua ya pili ni kuchagua nguvu. Kwenye mashine ya wati 800 mimi hutumia asilimia 70. Maikrowevu nyingi za kawaida hazipunguzi ukali wa mawimbi; huyatoa kwa nguvu zote, huyakata, kisha huyatoa tena, na ukitega sikio utasikia mngurumo ukibadilika. Katika vipindi hivyo vya kukatwa, joto la pembeni hupata nafasi ya kusafiri kuelekea ndani. Pasha dakika 4, koroga mpaka chini ukileta ya ukingoni katikati, kisha pasha dakika 2 zaidi.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka kwa njaa, ni kuliacha bakuli litulie dakika 2 likiwa limefunikwa, kwa kuwa joto huendelea kusambaa hata mashine ikiwa imezimwa. Baada ya hapo koroga tena na upime sehemu tatu, katikati ikiwemo: kila moja ifikie nyuzi 74. Ikipungua hata moja, rudisha kwa dakika 1, utulize na upime upya. Asiye na kipimajoto ahakikishe mvuke unatoka kila mahali anapochota, na aguse kitako cha bakuli katikati kwa uangalifu; kikiwa cha baridi, chakula hakijaiva joto.

Kiporo kilichoganda huanza kwa asilimia 30, kwa sababu barafu hunyonya mawimbi kidogo sana kuliko maji, hivyo sehemu iliyotangulia kuyeyuka huchemka huku jirani yake ikiwa bado jiwe. Ama wali uliolala mezani usiku kucha, huo umwagwe, kwani sumu inayoachwa humo na bakteria aina ya Bacillus cereus haiharibiwi na joto la kupashia.