Meseji ya asubuhi ianze na jambo la jana

Kabla ya kumwandikia mpenzi wako asubuhi, rudi kwenye mazungumzo ya jana, chukua jambo moja dogo alilolitaja, uanze nalo. Badala ya "Habari za asubuhi malkia wa moyo wangu", kama jana alisema goti linamuuma, mwandikie: "Lile goti limepoa? Leo usipande ngazi mbio. Nakupenda." Inamgusa kwa sababu haiwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote. Ile ya kunakili inamfaa kila mtu, na mpenzi wako huitambua mara moja kwa emoji za maua na mioyo zilizojazwa humo. Sentensi mbili tatu zinatosha. Ila kama jana mligombana, au jambo lenyewe ni zito, kama deni au msiba, usilichokonoe kwa meseji. Mpigie simu.