SOMO: Umbali wote na badiliko la mahali, pale kasimwelekeo inapogeuka alama

Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Ukiulizwa tena, mtume mwenzako hapa.

Mwendesha baiskeli anatoka Moshi kuelekea Arusha. Kasimwelekeo yake, kwa kilomita kwa saa, ni v = 3t² − 18t + 24, na t ni saa, kuanzia 0 hadi 5. Upande wa Arusha ni chanya. Tunataka vitu viwili: saa ya tano yuko wapi, na amekanyaga kilomita ngapi.

Hatua ya 1. Intigreti v upate s = t³ − 9t² + 24t.

Hatua ya 2. Badiliko la mahali ni s(5) − s(0) = 20. Yuko kilomita 20 kutoka Moshi. Sehemu hiyo imeisha.

Hatua ya 3. Sasa umbali wote: tafuta pale v inapokuwa sifuri, ukate muda hapo, kisha ujumlishe vipande bila alama ya kutoa. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo soma polepole. v = 3(t − 2)(t − 4), basi sifuri ziko t = 2 na t = 4. Zote mbili zimo kati ya 0 na 5, na zote mbili zinahitajika. Anayeishia kwenye t = 2 atapata 20 kwa kipande cha kwanza, kisha s(5) − s(2) = 20 − 20 = 0, na ataandika umbali wote ni 20. Jibu linaonekana zuri, tena linalingana na la hatua ya 2, ndiyo maana halimshtui. Kosa la pili ni kutafuta sifuri za mchapuko badala ya v. Huyo anakata kwenye t = 3, anapata 18 na 2, jumla 20 tena! Lakini t = 3 ni pale anaporudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko zote, 3 km/saa, wala si pale anapogeuza baiskeli. Ndani ya kipande kimoja pakiwa na kwenda na kurudi, vinafutana kabla hujaondoa alama ya kutoa. Kwa hiyo ukikosea kukata, jibu lako linaweza kupungua, haliwezi kuzidi.

Hatua ya 4. Pima alama ya v kwenye kila kipande: v(1) = 9, v(3) = −3, v(4.5) = 3.75. Kwenda, kurudi, kwenda.

Hatua ya 5. s(0) = 0, s(2) = 20, s(4) = 16, s(5) = 20. Vipande vyake ni 20, 4 na 4. Umbali wote ni kilomita 28.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Kwa hiyo jibu ni 20 au 28?
Jibu: Yote mawili, kwa maswali mawili tofauti. Rudia hatua ya 2 na ya 5.

Soweto Moshi: Si niondoe tu alama ya kutoa kwenye jibu la mwisho? Naona unatuzungusha.
Jibu: Sizungushi. Jibu la mwisho hapa ni 20, tayari ni chanya. Ukiliondolea alama linabaki 20, na zile kilomita 4 za kurudi hazijaonekana popote. Alama inaondolewa kipande kwa kipande.

Kiboriloni: Samahani mwalimu, v ikigusa sifuri bila kuvuka, mfano v = (t − 2)², nikate?
Jibu: Swali zuri sana hili. Huyo amesimama kidogo kisha akaendelea kule kule, hivyo hakuna lazima. Lakini ukikata hukosei: kukata palipozidi hakubadilishi kitu, kupunguza ndiko kunaharibu. Jaribu mfano wetu kwa kukata 1, 2, 3 na 4. Utapata 16, 4, 2, 2 na 4, jumla ni 28 ile ile. Kwa hiyo ukiwa na shaka, kata.

Kiboriloni: Nimejaribu, imekubali. Na wakinipa mchapuko badala ya v?
Jibu: Intigreti kwanza, na usisahau kasi ya kuanzia. Mchapuko 6t − 18 bila ile 24 unakupa v = 3t² − 18t, ambayo sifuri zake ni 0 na 6. Mpanda baiskeli wako atarudi nyuma saa zote tano.

Mdau wa Njiro: Nyongeza kwa wenye kikokotoo cha intigrali: andikeni Abs(3X²−18X+24), mipaka 0 na 5. Inatoa 28.
Jibu: Asante, ni njia nzuri ya kuhakiki. Ikitoka tarakimu kama 27.9999 msishtuke, mashine inakadiria kwenye zile kona za t = 2 na t = 4. Kwenye karatasi onyesheni vipande.

Mdau wa Sakina: Nimeelewa sasa. Mipaka ikiwa 0 hadi 3 nikate wapi?
Jibu: Kwenye 2 peke yake, kwa sababu 4 iko nje. s(3) = 18, hivyo badiliko ni 18 na umbali ni 20 + 2 = 22.